Tahadhari: Fundi wa simu Kampala anayedai "kufuta" akaunti za programu za uchumba

Ndugu wasomaji, hasa mlioko Kampala na Wakiso, ninawatahadharisha kuhusu fundi wa simu mwenye meza katika mojawapo ya majengo ya maduka katikati ya jiji, ambaye hujitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kuwa anafuta akaunti za programu za uchumba "mpaka picha zilizoko kwenye seva". Simtaji jina, lakini nitaeleza anavyofanya kazi yake, kwa kuwa wapo wengine wenye mtindo huo huo.

Aliyetapeliwa ni binti wa jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akijiandaa kwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na hakutaka wasifu wake wa zamani uendelee kuonekana na watu. Alilipa shilingi 80,000. Fundi alimwomba kwanza amsomee namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe mfupi, akidai kuwa seva haiwezi kumtambua bila hiyo. Kisha akashikilia alama ya programu kwa kidole mpaka neno "Uninstall" likajitokeza, akalibonyeza, na alama ikatoweka mbele ya macho ya mteja. Alipoulizwa kuhusu malipo ya kila mwezi, alifungua Play Store akamwonyesha ukurasa mtupu usio na usajili wowote. Binti aliondoka ameridhika.

Kabla mwezi haujaisha, benki ilimtumia ujumbe kwamba kadi yake imekatwa fedha tena, na mwalimu mwenzake akamwambia kwa upole kuwa picha zake bado zinaonekana kwenye programu hiyo. Alipompigia fundi, aliambiwa kwamba seva ziko ng'ambo na zinahitaji shilingi 150,000 nyingine. Hapo ndipo aliponiletea simu.

Jambo ambalo fundi huyu anategemea watu wasilijue ni kwamba programu iliyo kwenye simu, malipo yaliyo dukani na akaunti iliyo kwa kampuni ya uchumba ni vitu vitatu vinavyokaa mahali tofauti, na kuondoa kimoja hakugusi kingine. Kuondoa programu kwenye simu ni sawa na kutupa ufunguo wa nyumba ya kupanga: vyombo vyako bado vimo ndani, na mwenye nyumba anaendelea kudai kodi. Aidha, hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuingia kwenye seva za kampuni hiyo. Mwenye uwezo wa kufuta ni mwenye akaunti, kwa kupitia akaunti yenyewe au kwa kuiandikia kampuni.

Ule ukurasa mtupu ulinishangaza mpaka nilipoona kuwa simu ina akaunti mbili za Google, ya shule na ya binafsi. Usajili hukaa kwenye akaunti iliyotumika kununulia, na fundi alikuwa amefungua ile nyingine. Kwa hiyo, ukifungua Play Store, bonyeza picha yako iliyo juu upande wa kulia, hakikisha uko kwenye akaunti iliyolipa, kisha ingia "Payments & subscriptions", halafu "Subscriptions", uchague programu husika na ubonyeze "Cancel subscription". Usiseme umemaliza mpaka uone tarehe ya mwisho wa huduma badala ya tarehe ya malipo yajayo, na barua pepe ya uthibitisho iwe imefika. Kwenye iPhone, njia ni "Settings", kisha jina lako, kisha "Subscriptions". Ikiwa uko katika kipindi cha majaribio ya bure, sitisha angalau saa 24 kabla hakijaisha. Ukikatwa fedha bila kutarajia, omba zirudishwe mapema: Google hupokea maombi hayo kwa urahisi zaidi ndani ya saa 48 tangu malipo yafanyike, na baada ya hapo kwa kawaida hukuelekeza kwa mtengenezaji wa programu. Kwa Apple, maombi hupelekwa kwenye reportaproblem.apple.com.

Malipo yakishasitishwa, ndipo uigeukie akaunti, na ni lazima uirudishe programu kwenye simu au uingie kwa tovuti. Binti aliogopa kuirudisha, akidhani anajisajili upya, lakini ukiingia kwa namba ile ile ya simu au barua pepe ile ile, unaikuta akaunti yako ya zamani ilivyo. Nilimshauri aondoe picha moja moja na kufuta maelezo yake kwanza, ili hata ufutaji ukichelewa, kinachobaki mbele ya watu kiwe kitupu. Kisha tukatafuta "Delete account" katika mipangilio. Hapa uwe makini, kwa sababu programu nyingi hutanguliza "Pause" au "Hide", ambazo humficha mtu tu na kuacha kila kitu chake mahali pake. Usipokiona kitufe cha kufuta, fungua ukurasa wa programu hiyo kwenye Play Store na usome sehemu ya "Data safety", kwani Google inazitaka programu zinazofungulia watu akaunti zitoe pia kiungo cha kuomba ifutwe. Apple nayo, tangu tarehe 30 Juni 2022, inataka ufutaji uweze kuanzishwa ndani ya programu.

Picha hazitoweki kwenye seva siku hiyo hiyo. Tinder, kwa mfano, inaeleza katika sera yake ya faragha kwamba huhifadhi taarifa kwa miezi 3 baada ya akaunti kufungwa kwa ajili ya usalama, ingawa wasifu hauonekani tena kwa watumiaji wengine. Soma sera ya programu yako, kisha uandikie anwani ya faragha iliyomo, ukitumia barua pepe iliyosajiliwa, na utaje waziwazi picha, selfi ya uthibitisho na mazungumzo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawagusa hata walioko nje ya nchi wanaoshika taarifa za raia wa Uganda, na malalamiko hupokelewa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Hata hivyo, picha ulizomtumia mtu kwenye mazungumzo, naye akazihifadhi, hazifutwi na kampuni yoyote.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko zile shilingi 80,000 ni ile namba ya siri. Namba hiyo ndiyo inayofungua akaunti kwenye simu nyingine, na aliyeipata anaweza kusoma mazungumzo, kunakili picha, hata kubadilisha barua pepe ili mwenyewe asiweze kuingia tena. Binti alikuta barua pepe yake haijaguswa, na akaunti ilipofutwa, yeyote aliyekuwa ameingia nayo kwingine alitolewa. Lakini kama kuna picha zilizonakiliwa kabla ya hapo, hatuna njia ya kuzirudisha. Wewe uliyempa fundi huyu namba kama hiyo, ingia leo, hakikisha barua pepe na namba ya simu ni zako, kisha ufute akaunti. Akianza kukudai fedha kwa vitisho vya kusambaza picha, usimlipe wala usifute jumbe zake; piga picha ya skrini ikionyesha namba yake na tarehe, hifadhi na ujumbe wa fedha ulizomtumia, uvipeleke vyote polisi.