Mafuta au zeri: kipi ununue kwanza kwa ndevu kavu zilizo timutimu

Kama ndevu zako ni kavu, zinasimama huku na huku, na zimeshapita sentimita 3, nunua zeri kwanza. Mafuta yafuate mfuko ukiruhusu. Zikiwa fupi kuliko hapo, anza na mafuta na zeri iache kwa sasa, kwa sababu unywele mfupi hauna urefu wa kulazwa na nta yote itaishia kwenye ngozi.

Tofauti iko kwenye vilivyomo. Chupa ya mafuta ya ndevu huwa na mafuta ya mimea matupu: jojoba, argani, lozi, mbegu za zabibu, wakati mwingine nazi au nyonyo, pamoja na matone machache ya manukato. Yanalainisha unywele na ngozi iliyo chini yake, lakini hayana cha kuushika. Zeri ina mafuta hayohayo, ikaongezwa siagi ya shea au ya kakao na nta ya nyuki. Siagi hulainika kwa joto la viganja. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, kwa hiyo hata jua la mchana linakuta utando wake bado umeuzunguka unywele, na huo ndio unaozilaza ndevu.

Zote mbili haziongezi maji. Zinazuia yaliyomo yasitoke. Ukipaka juu ya ndevu zilizokauka kabisa unapata ndevu zinazong'aa ambazo bado zinakwaruza, na hapo wengi hulaumu bidhaa.

Nafasi ya kwanza: zeri laini yenye siagi nyingi kuliko nta. Orodha ya viambato huanza na kilicho kingi, hivyo tafuta siagi au mafuta kabla ya nta. Kama kuna kopo la kujaribia, pitisha ukucha juu yake: zeri nzuri hukwanguka kama siagi iliyotoka kwenye friji. Ukucha ukigoma, hiyo ni nta ya kusokotea masharubu. Itazishika ndevu, ila ukavu utabaki palepale, na kitana kitazing'oa.

Nafasi ya pili: mafuta ya jojoba au argani. Jojoba inafanana sana na mafuta yanayotoka kwenye ngozi yenyewe na haichachi upesi. Ndevu za kipilipili zinayahitaji zaidi, kwa kuwa mafuta ya ngozi hayapandi kirahisi kwenye unywele uliojikunja na ncha hubaki kavu. Chagua chupa nyeusi au ya kahawia. Mwenye mzio wa lozi na jamii zake aepuke yenye lozi.

Nafasi ya tatu: nyonyo tupu. Ni mazito na yananata, hushika vumbi la barabarani, na kuyaosha ni kazi. Yakiwa kiasi kidogo ndani ya mchanganyiko yanafaa.

Tuchukue ndevu za sentimita 5 na wewe una vyote viwili. Osha kwa maji ya vuguvugu, kisha kandamiza kwa taulo mpaka zisidondoshe maji lakini zibaki na unyevu. Weka matone 5 au 6 ya mafuta kiganjani, anza kwenye ngozi ya kidevu, ndipo uvute kuelekea ncha. Kwangua zeri kiasi cha punje ya haragwe, isugue kati ya viganja kwa sekunde 15 hadi isionekane hata chembe, paka kwa nje kufuata unakotaka zilale, kisha chana. Vipande vyeupe vikionekana kwenye ndevu, hukuisugua vya kutosha. Kola ya shati ikipata madoa, umezidisha.

Kwa kipimo hicho chupa ya mililita 30 inapita miezi mitatu, maana mililita moja haikosi matone 20. Ikiisha ndani ya wiki tatu, unamwaga.

Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, kopo lililoachwa ndani ya gari hulainika, na likipoa taratibu siagi ya shea huganda kwa chembechembe kama sukari. Haijaharibika. Liweke kwenye sufuria ya maji ya moto mpaka zeri yote iwe kimiminika, kisha liingize kwenye friji ipoe haraka. Iliyoharibika utaijua kwa harufu ya mafuta ya kupikia yaliyochacha.

Na kama chini ya ndevu ngozi ni nyekundu, inawasha na kutoa magamba ya manjano yenye mafuta, usinunue chochote kati ya hivi kwanza. Hiyo huenda ni mba, na fangasi wake hula mafuta mengi ya mimea. Kaulize duka la dawa shampuu yenye ketokonazoli.