Lamu Mji wa Kale: kutembea na mwongozaji mwenyeji, na bei niliyolipa

Ukishuka tu kwenye boti gatini Lamu utakutana na vijana wanaojitolea kukutembeza. Wengi ni watu wa heshima. Yule wa kwanza aliyenifuata nilimuuliza bei, akanijibu, "Karibu tu, utatoa unachopenda." Nikamshukuru nikaendelea na njia. Bei isiyotajwa mwanzoni hutajwa mwishoni, mkiwa mmesimama mlangoni mwa duka la mtu, na hapo kubishana ni aibu kwenu nyote wawili.

Nilimpata mwongozaji wangu kupitia kwa mama mwenye nyumba niliyolala. Ni mzee aliyezaliwa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, zilipo nyingi za nyumba kongwe za mawe. Tulikaa barazani tukaelewana kabla ya kuinuka: shilingi 2,500 za Kenya, watu wawili, kwa muda wa kama saa tatu, tuanze baada ya swala ya alasiri jua likishapoa. Tiketi za makumbusho ni juu yetu, na madukani hatuingii ila tukiomba wenyewe. Sharti hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu mwongozaji anayelipwa kamisheni na muuza vinyago atafupisha historia ili mfike dukani mapema. Sikumwomba apunguze. Saa tatu za mtu anayeujua mtaa wake nyumba kwa nyumba zinastahili kiasi hicho.

Tulianzia ngomeni. Nilidhani ni ya Wareno kama Fort Jesus ya Mombasa, lakini mzee alianza na vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810. Watu wa Pate na ukoo wa Mazrui wa Mombasa walikuja kuipiga Lamu wakatua ufukweni Shela. Waamu, watu wa Lamu, wakawashinda, na maji yalipokupwa majahazi ya adui yakabaki mchangani, wasiwe na njia ya kukimbilia. Waamu waliogopa kisasi, wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Omani, na ngome ikamalizika mwaka 1821 kwa msaada wake. Baadaye ikawa gereza, hadi 1984. Kwa maneno yake, mji ulishinda vita, kisha ukajitafutia mkubwa. Aliyasema hayo akiwa amesimama uani, bila haraka.

Sehemu iliyonifaidi kuliko zote ni nyumba. Kuna nyumba ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, na hapo ndipo utakapojua kama mwongozaji wako anajua kazi. Wa kwangu alianzia nje, kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, ambako mgeni wa kiume hupokewa asiingie ndani. Mlango hautazamani na ua wa ndani, njia inapinda, kwa hiyo mpita njia haoni kitu. Kisha ukumbi mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja umeinuka kidogo kuliko uliotangulia, mpaka ndani kwenyewe, kwenye ukuta wa zidaka, vishubaka vya chokaa. Nikauliza kwa nini vyumba ni vyembamba hivyo ilhali ni virefu. Akaelekeza mkono darini: boriti za mikoko. Mti wa mkoko unabeba dari la mawe na chokaa kwa upana usiofika mita tatu, na fundi akizidisha hapo dari hulegea. Upana wa chumba umeamuliwa na mti.

Nje akatuonyesha wikio, chumba kilichopita juu ya kichochoro kikaunganisha nyumba mbili. Nyumba hizi zilikuwa za mabinti. Baba alimjengea bintiye karibu au ghorofa ya juu, na kwa wikio wanawake wa ukoo walitembeleana bila kushuka njiani.

Kila tulipopita baraza lenye wazee, alisimama akawasalimu kwanza, nasi tukatoa shikamoo. Picha za watu hakuturuhusu kupiga bila idhini, na akina mama wenye mabuibui alituambia tusiwaombe kabisa. Alimwambia mwenzangu tangu asubuhi avae sketi ndefu na ajifunike mabega. Msikitini hatukuingia. Alitueleza habari za msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na mwanachuoni Habib Swaleh, tukiwa nje. Nilipomuuliza umri wa mlango mmoja wa nakshi, alisema, "Huu sijui, mwanangu." Jibu hilo lilinifanya niyaamini mengine yote.

Upungufu upo. Ngazi za nyumba hizi ni za wima na hazina pa kushika, kwa hiyo mwenye maumivu ya magoti abaki chini uani. Vichochoroni punda wana haki ya njia: ukisikia mwendeshaji anapaza sauti, jibanze ukutani. Ijumaa mchana msipange matembezi, kwani mji wote unaelekea swalani na mwongozaji pia. Ukitaka jina la huyu mzee, waulize wenye nyumba za wageni za Mkomani ni nani huwapeleka wageni wao wenyewe, kisha elewaneni bei hapo hapo barazani.