Kioo mbonyeo safi, kadi ya michoro inaudhi!

Haya wadau, karibuni tena. Leo mezani nina kioo mbonyeo cha maabara, urefu wa fokasi sentimita 15. Kipenyo na uzito vimeandikwa kwenye boksi, mtajisomea. Kioo chenyewe sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na hii kadi ya michoro ya miale waliyoiweka ndani. Ngoja niisogeze kwenye kamera.

Mnaona? Mshumaa umechorwa nyuma ya C, yaani mbali zaidi ya kitovu cha mpindo. Sawa. Lakini taswira wameibandika palepale kwenye C, na kimo chake kinakaribia cha mshumaa! Hapana jamani. Kitu kikiwa nyuma ya C, taswira inakaa kati ya F, yaani fokasi, na C, imepinduka kichwa chini, na ni ndogo kuliko kitu. Ikifika kwenye C, basi na mshumaa wenyewe uko kwenye C.

Tuchore wenyewe. Chukua rula. Kwa mlalo, sentimita 1 ya karatasi iwe 5 za mezani. Kwa wima tusipunguze kitu. Mhimili mkuu huu hapa, kioo mwisho wa kushoto. F naiweka sentimita 3 kutoka kwenye kioo, C sentimita 6, na mwali wa mshumaa, kimo sentimita 2, nausimamisha kwenye sentimita 9. Yaani mezani ni 45.

Mwale wa kwanza unatoka nchani, unakwenda sambamba na mhimili, ukigonga kioo unarudi kupitia F. Wa pili unatoka palepale nchani, unapita F kwanza, ukigonga kioo unarudi sambamba. Tazama inapokatana: sentimita 4.5 kutoka kwenye kioo, sentimita 1 chini ya mhimili. Hapo ndipo ncha ya taswira. Mezani ni 22.5, na kimo ni nusu.

Sasa kinachoniudhi kabisa. Kadi imechora kioo kama bakuli, na wengi tunafanya hivyohivyo: unachukua bikari, unafungua sentimita 6, unazungusha tao. Ukifuata sheria ya kuakisi kwa uaminifu kwenye tao hilo, mwale wa kwanza haupiti F! Unakata mhimili kwenye kama 2.8 badala ya 3. Halafu mtu anaupinda mstari kwa siri ili ufike. Mezani mwali una kimo cha sentimita 2 mbele ya kioo chenye nusukipenyo cha mpindo cha sentimita 30, kwa hiyo unagusa sehemu ya katikati tu, ambayo karibu ni bapa. Ni sisi tuliobana mlalo mara 5 na wima tukauacha. Dawa yake ni kuchora kioo kama mstari wima ulionyooka, ukaweka alama fupi za mkunjo juu na chini, na miale yote ikageukia kwenye huo mstari.

Kuhakikisha, ongeza mwale wa tatu kutoka nchani hadi katikati ya kioo, P. Unarudi upande wa chini kwa pembe ileile. Ukipita kwenye makutano, mchoro wako uko sawa. Huu naupenda kuliko ule wa kupita C, maana ule unarudi njia uliyokuja nayo, na kwenye mstari ulionyooka wanafunzi wanakataa kuamini.

Haya, zima taa. Mshumaa 45, kikaratasi 22.5... kiza tupu! Kikaratasi kiko kati ya mshumaa na kioo, kimeziba mwanga. Kwenye maelekezo ya boksi hakuna hata neno moja kuhusu hili. Kata kikaratasi chembamba, kiweke pembeni kidogo ya mhimili, kisha geuza kioo kidogo sana kukielekea. Huyo hapo! Mwali mdogo, kichwa chini. Nausogeza mshumaa mbali... taswira inakimbilia F na kuzidi kupungua. Nikielekeza kioo kwenye dirisha la mbali, taswira yake inatua karibu kabisa na sentimita 15. Ndivyo unavyopima kioo kabla hujatoa hela dukani.

Kuna mliouliza kama vioo vya kujipodolea vinafaa. Vinafaa, ni vya bei rahisi pia, ila fokasi haiandikwi, kwa hiyo fanyeni hicho kipimo cha dirisha.

Mimi nimelipa elfu 18, shilingi za Tanzania. Kwa kioo, nakubali. Kwa kadi, nirudishieni chenji! Muuzaji akikubali kukuuzia kioo peke yake, chukua. Video ijayo nauleta mshumaa ndani ya F, na maikrofoni mpya itakuwa imefika, mwangwi huu utakwisha.