Uzoefu wangu na cursorMark ya Solr, baada ya kuteseka na peji za mbali

Nafanya kazi kwenye duka la spea za magari hapa Gerezani, Dar es Salaam, katalogi yetu ina bidhaa kama 1,200,000 na yote iko kwenye indeksi ya Solr, programu ya kutafutia data, iliyogawanywa vipande 4. Kila usiku kuna skripti inatoa orodha nzima kwa mpangilio wa bei inapeleka kwa mhasibu, inachukua bidhaa 500 kwa mkupuo. Mwanzo nilitumia `start`, yaani ruka ngapi, na `rows`, yaani nipe ngapi, kama kila mtu, peji za kwanza zinakuja fasta kabisa, ila ukifika mbele inaanza kujivuta, inajivuta, mpaka seva inaishiwa memori na asubuhi mhasibu ananipigia simu.

Nilidhani ni seva ndogo. Nikafungua logi nikaangalia `QTime`, hiyo ni muda wa kila swali kwa milisekunde, nikaona inapanda kadiri `start` inavyopanda, wakati swali ni lile lile na majibu ni yale yale 500. Hapo ndo nikajua tatizo ni namna ninavyoomba.

Iko hivi, chukulia una stoo nne na unataka bidhaa 500 kuanzia ile ya 100,001 kwa urahisi wa bei. Mtunza stoo wa kwanza hajui za wenzake zina bei gani, inawezekana zote 100,500 za bei ya chini ziko kwake yeye, au hana hata moja, kwa hiyo hana namna ya kuruka, lazima apange 100,500 za kwanza za kwake akuletee. Na wenzake watatu hivyo hivyo. Solr inafanya hivyo hivyo ukiandika `start=100000&rows=500`: kila kipande kinapanga foleni ya 100,500, kinatuma namba za bidhaa pamoja na bei zake kwa seva iliyopokea swali, pale zinakutana 402,000, zinapangwa upya, unapewa 500 na 401,500 zinatupwa. Peji inayofuata kazi yote inaanza upya, maana hakuna aliyekumbuka ulipoishia.

Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi akaniambia kaka achana na `start`, tumia `cursorMark`, ipo tangu Solr 4.7 ya mwaka 2014. Swali la kwanza liko hivi:

```
q=*:*&rows=500&sort=bei asc,id asc&cursorMark=*
```

Jibu linakuja na `nextCursorMark`, unaichukua hiyo unairudisha kwenye swali linalofuata. Ndani yake kuna bei na `id` ya bidhaa ya mwisho uliyopewa, basi. Sasa ile stoo unaiambia "nipe 500 zinazofuata baada ya hii ya bei fulani", na hilo kila mtunza stoo anaweza kulijibu peke yake bila kujua za wenzake. Bado anapita kwenye mzigo wake, ila chochote kilicho kabla ya alama anakiacha palepale, foleni yake haizidi 500 hata ukiwa peji ya 2,000. Zinakutana 2,000 tu badala ya laki nne. Na seva haitunzi kitu chochote katikati, alama yote unayo wewe.

Kwangu `QTime` ya mwisho sasa inafanana na ya mwanzo, na skripti haijaangusha seva tena, nimefurahi sana kwa kweli.

Ila kuna mambo yalinisumbua. Lazima `sort` iwe na ile fildi ya kipekee, kwetu ni `id`, maana boliti mia zinaweza kuwa na bei moja na alama ya bei peke yake haisemi uliishia boliti ipi. Alama yenyewe ina herufi kama `+` na `=`, usipoi-enkodi kwenye URL inaharibika njiani unapewa kosa, mimi nilipoteza jioni nzima hapo. Na unajua umefika mwisho pale `nextCursorMark` inaporudi sawa na uliyotuma, nisipoangalia hilo skripti inazunguka milele.

Lililoniuma zaidi ni bei kubadilishwa katikati ya kazi. Spea uliyokwisha ichukua ikipandishwa bei inatokea tena mbele, ambayo hujaifikia ikishushwa bei inahamia nyuma ya alama na huipati kabisa. Nikaondoa bei kwenye mpangilio nikabaki na `sort=id asc` maana `id` haibadiliki, kupanga kwa bei mhasibu anafanya mwenyewe kwenye Ekseli.

Kitu ambacho haikupi ni kuruka moja kwa moja peji ya 700, lazima upite zote za kabla. Kwa hiyo kwenye tovuti ya wateja nimeweka kitufe cha "endelea" tu, namba za peji nimezitoa.