Notification history ya Android: meseji iliyofutwa nimeisoma bila kudaunlodi apu

Nimekuwa natumia hii kitu muda sasa na naona watu bado wanahangaika kudaunlodi zile apu za "soma meseji zilizofutwa", wakati simu yenyewe inaweza kufanya hiyo kazi kama ni Android 11 kuendelea. Unaingia Settings, Notifications, halafu Notification history, unawasha swichi ya juu imeandikwa Use notification history. Kwa Samsung imejificha kidogo, ukifika Notifications ingia kwanza Advanced settings ndo utaiona. Au andika tu "history" pale juu kwenye kutafuta, inakuja.

Sasa ielewe vizuri inavyofanya, maana haivunji WhatsApp wala haiingii kwenye chati za mtu. Meseji ikifika, WhatsApp inarusha notifikesheni yenye jina la mtumaji na maneno yake, na simu inabaki na nakala ya hiyo notifikesheni. Aliyetuma akifuta, WhatsApp inafuta kwenye chati na ile notifikesheni ya juu nayo inabadilika au inapotea, ila nakala ya simu haiguswi kwa sababu iko kwa Android, sio kwa WhatsApp.

Kwangu ilinisaidia kwenye friji ya mtumba. Jamaa alikuwa anaiuza, nikamuuliza mwisho shilingi ngapi, simu nikaiweka mfukoni nikapanda daladala. Kuja kuangalia nakuta kwenye chati imeandikwa meseji imefutwa na chini yake "480,000 kaka, usafiri juu yako". Nikaingia kwenye historia, nikagusa mstari wa WhatsApp ukafunguka, kila meseji na mstari wake na muda wake. Saa 8:12 mchana iko pale: "450 nakuachia na usafiri nakuletea mwenyewe". Saa 8:15 ndo ile ya 480. Yaani dakika tatu tu kashapandisha na usafiri kanirudishia mimi. Sikumtumia skrinishoti wala nini, nilimjibu tu "bosi nina 450 na uniletee, ukiweza niambie" akazunguka zunguka mwisho akakubali. Ungemwonyesha ungemkasirisha bure, na pia ile sio ushahidi wa kumpeleka mtu popote, ni ya kukusaidia wewe kujua ulipo.

Ila ina mipaka na hapa ndo wengi wanalalamika haifanyi kazi. Kwanza lazima uwe umeiwasha kabla, ukiwasha leo huwezi kusoma kilichofutwa jana, inaanzia pale ulipowasha. Pili inatunza masaa 24 tu, wakati WhatsApp inamruhusu mtu kufuta kwa wote mpaka kama siku mbili na nusu baada ya kutuma, kwahiyo mjanja akisubiri kesho kutwa ndo afute na wewe hukuwahi kuisoma, imekula kwako. Tatu, bila notifikesheni hakuna nakala. Kama ile chati ulikuwa umeifungua meseji inaingia moja kwa moja, simu hairushi kitu na historia haina cha kuonyesha. Vilevile kama umeficha maneno yasionekane kwenye notifikesheni za WhatsApp, utakuta imeandikwa una meseji mpya basi.

Na ni maandishi tu jamani. Picha ikifutwa utaona neno photo na kajialama ka kamera, voisi noti utaona urefu wake wa sekunde, sauti yenyewe hupati. Meseji ndefu nayo inaweza kukatika, unaishia njiani palepale utamu unapoanza.

Kuhusu zile apu za nje, nyingi zinasoma notifikesheni hizohizo, tofauti yake zinatunza muda mrefu zaidi. Lakini ili zifanye kazi unazipa ruhusa ya kusoma notifikesheni zote, na hapo sio WhatsApp peke yake, ni mpaka meseji za benki na namba za siri za kuingilia akaunti. Mimi hiyo ruhusa simpi mtu nisiyemjua kwa sababu ya friji.

Hata historia ya simu yenyewe ina hilo, anayeijua paswedi yako akifungua pale anakuta miamala yako ya tangu jana na salio juu, hata kama meseji zenyewe umeshazifuta. Kwenye simu yangu naiacha imewashwa. Ile ya dukani ambayo tunashikashika wote nimeizima.