Skrini ya pili ofisini: Extend au Duplicate?
Bonyeza Windows + P, zote mbili zimo. Kwa anayelinganisha ankara na jedwali la hesabu siku nzima, Extend, inayounganisha skrini mbili ziwe eneo moja pana, inashinda waziwazi: ankara kushoto, jedwali kulia. Kishale kikigoma kuvuka, fungua Display settings, buruta kisanduku namba 2 kikae upande ilipo skrini yenyewe mezani.

Duplicate huonyesha picha ileile kotekote, kwa kawaida kwa vipimo vilevile. Kompyuta mpakato ya 1366×768 ikipeleka picha kwenye skrini ya 1920×1080, herufi hufifia kingoni na macho huchoka.

Ila mteja akikaa mbele yako kuhakiki fomu yake, mimi ningechagua Duplicate: unaona anachokiona. Kwenye Extend, faili la mteja mwingine linaweza kubaki wazi upande wake bila wewe kugundua.