Muziki kwenye spika, simu sikioni: uzoefu wangu kibandani Sinza

Mimi ni fundi cherehani, na spika yangu ya Bluetooth inaimba juu ya kabati la vitambaa tangu asubuhi. Simu yangu ni Android. Kero ilikuwa moja: mteja akipiga, sauti yake inatokea kwenye spika. Siku moja mama mmoja alipiga kuniomba nimvumilie deni la gauni hadi mwisho wa mwezi, na wateja watatu waliokaa kwenye benchi wakasikia kila neno. Iliniuma sana. Deni la mteja ni siri yake.

Nikanunua iafoni zisizo na waya. Kuziunganisha tu, muziki nao ukahamia masikioni, kibanda kikawa kimya.

Kumbe simu inapeleka sauti kwa njia mbili tofauti, moja ya mazungumzo na nyingine ya muziki, na kifaa kikiunganishwa hupewa zote mbili. Spika nyingi zina maikrofoni ndani, ndiyo maana simu huzikabidhi hata maongezi. Dawa ni kukinyima kila kifaa njia moja. Fungua Settings, ingia Connected devices, gusa alama ya gia pembeni ya jina la spika, zima "Phone calls" na uache "Media audio". Kwenye iafoni fanya kinyume chake. Baadhi ya simu huandika "Calls" na "Audio" tu. Nilimwomba jirani yangu wa saluni anipigie nijaribu: sauti yake ikaja sikioni, spika haikutoa neno. Nikizima vifaa usiku na kuviwasha asubuhi, mpangilio unabaki vilevile. Ila ukikifuta kifaa na kukiunganisha upya, unaanza tena mwanzo.

Muziki hausikiki wakati wa maongezi. Simu ikiingia, wimbo unasimama, ukikata unaendelea pale ulipoishia. Huo ni utaratibu wa simu yenyewe, na vile vitufe viwili haviubadilishi. Kwangu inatosha, lakini Jumamosi wateja wakijaa nachomeka flashi kwenye spika, basi muziki hautegemei simu kabisa na mimi naongea na iafoni zangu bila kukatiza wimbo.

Kitu kimoja kilinishtua wiki ya kwanza. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp simu inauhesabu kama muziki, hauhesabu kama maongezi. Niligusa ujumbe wa dada yangu huku nimevaa iafoni, nikijua nitausikia peke yangu, na habari za ugonjwa wa mama zikasikika hadi barabarani. Sasa kabla ya kugusa ujumbe wowote wa sauti nazima spika kwanza, kisha natoka na simu hadi uchochoroni nikausikilize huko.